Kikapu cha nani? Fahirisi ya bei na pesa yetu ya kila mwezi

Ndugu zangu, mwisho wa mwaka 2023 tulikaa mkutano hapa Nakivale, chini ya hema, kusikiliza habari za pesa ya chakula. Afisa aliyekuja alitueleza vizuri tu, bila dharau. Alisema mfumuko wa bei Uganda umeshuka sana ukilinganisha na mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuna sababu kubwa ya kuongeza kile tunachopewa. Mama mmoja jirani yetu akasimama, akauliza: "Mkubwa, kama imeshuka, mbona bunga dukani haijashuka?" Watu wakapiga makofi. Afisa akajibu kwamba takwimu ni takwimu. Mama akakaa, mkutano ukahamia habari za maji.

Nilirudi nyumbani na hasira, lakini si kwa afisa peke yake. Nilijikasirikia mimi mwenyewe. Afisa alisema kweli, na mama naye alisema kweli. Sisi vijana tuliosoma hesabu tulikuwa tumekaa pale nyuma, hakuna hata mmoja aliyesimama kuonyesha namna gani watu wawili wanaweza kupingana na wote wakawa na haki. Leo nataka kulipa deni hilo. Na mwisho nitasema wazi kile ninachoona tunapaswa kudai.

Tuanze na neno lenyewe. Mfumuko wa bei hausemi bei iko wapi. Unasema bei inakimbia kiasi gani. Fikiria umepanda boda kutoka Mbarara kuja Nakivale. Dereva alikuwa anakimbia sana, halafu akapunguza mwendo. Je, umerudi Mbarara? Hapana. Bado unakuja huku, ila polepole. Mwezi wa 10 mwaka 2022, mfumuko wa Uganda ulifika asilimia 10.7 kwa mwaka. Mwisho wa 2023 ulikuwa chini ya asilimia 3. Maana yake ni kwamba bei zilizopanda 2022 zilibaki kule juu, na juu yake zikaongezeka tena kidogo. Afisa alikuwa anaongea habari za mwendo. Mama alikuwa anaongea habari za mahali tulipofika.

Hilo ni jambo la kwanza, na si gumu. Jambo la pili ndilo linatugusa zaidi: hiyo asilimia 10.7 ni ya kikapu cha nani?

UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, haipimi "bei" kwa jumla kama mtu anavyopima joto. Inatengeneza kikapu cha vitu ambavyo watu hununua, inakwenda sokoni kila mwezi kuandika bei zake, na inalinganisha gharama ya kikapu hicho na gharama yake katika kipindi cha msingi. Kipindi cha msingi cha kikapu hicho kilikuwa mwaka wa fedha 2016/17, ambao umepewa namba 100. Bei zinakusanywa Kampala na katika miji mingine kama Mbarara, Jinja, Gulu na Arua. Ndani ya kikapu kuna chakula, kodi ya nyumba, usafiri, ada za shule, mikahawa, nguo, simu na kadhalika. Chakula ni chini ya theluthi moja ya kikapu chote.

Sasa angalia ndani ya nyumba yako. Chakula ni theluthi moja? Kwetu sisi, ukitoa chakula, sabuni na makaa, hakibaki kitu cha maana. Hatulipi kodi ya nyumba, hatuli mkahawani. Kwa hiyo unga ukipanda kwa nusu, mfanyakazi wa ofisi Kampala anaumia kidogo na sisi tunaumia sana, ingawa unga ni ule ule. UBOS haijadanganya. Imejibu swali lake. Swali letu halijaulizwa na mtu.

Basi tuliulize sisi. Mama yangu alikuwa na daftari la deni. Alikuwa anakopa dukani katikati ya mwezi, na kwa kuogopa kuonewa aliandika kila kitu: kilo ngapi, bei gani. Hakujua kwamba alikuwa anafanya kazi ya mtakwimu. Nilichukua mwezi wa 10 mwaka 2021 na mwezi wa 10 mwaka 2022. Nilichagua mwezi ule ule kwa makusudi, kwa sababu ukilinganisha mwezi wa mavuno na mwezi wa njaa, utapima msimu badala ya mfumuko. Sisi ni watu 6 nyumbani. Hiki ndicho kikapu chetu cha 2021, kwa shilingi za Uganda:

Unga wa mahindi, kilo 40: bei 2,000, jumla 80,000
Muhogo mbichi, kilo 20: bei 500, jumla 10,000
Maharagi, kilo 16: bei 2,500, jumla 40,000
Mafuta ya kula, lita 4: bei 6,500, jumla 26,000
Sabuni, miche 3: bei 4,000, jumla 12,000
Makaa, gunia 1 dogo: 25,000
Vocha na kuchaji simu: 7,000

Jumla yote ni 200,000. Mwaka mmoja baadaye bei zilikuwa hivi: unga 3,000, muhogo 600, maharagi 3,500, mafuta 8,500, sabuni 7,000, makaa 30,000, simu 7,000 ile ile. Sasa swali la fahirisi ni hili tu: kama tungenunua vitu vile vile, kwa kilo zile zile, tungelipa kiasi gani? Unga ungekuwa 120,000, muhogo 12,000, maharagi 56,000, mafuta 34,000, sabuni 21,000, makaa 30,000, simu 7,000. Jumla ni 280,000.

Fahirisi = gharama ya kikapu sasa ÷ gharama ya kikapu mwanzo × 100

280,000 ÷ 200,000 × 100 = 140

Ndiyo hiyo fahirisi ya bei. Hakuna uchawi ndani yake. Kikapu chetu kilipanda asilimia 40 katika mwaka ule ule ambao kikapu cha nchi kilipanda asilimia 10.7.

Kuna kosa moja ambalo mimi mwenyewe nililifanya mara ya kwanza, na naliona kwa wenzangu. Nilichukua asilimia ya kila kitu: unga umepanda 50, muhogo 20, maharagi 40, mafuta karibu 31, sabuni 75, makaa 20, simu 0. Nikajumlisha, nikagawa kwa 7. Nilipata karibu 34. Nikafurahi, nikaandika 34. Ni kosa, kwa sababu nimeipa vocha ya simu nguvu sawa na unga. Vocha inakula shilingi 7,000 katika kila 200,000, yaani asilimia 3.5 ya pesa. Unga unakula 80,000, yaani asilimia 40. Unga lazima uwe na sauti kubwa zaidi ndani ya hesabu. Sauti hiyo ndiyo inaitwa uzito. Ukizidisha kila kitu kwa uzito wake halafu ukajumlisha, unarudi kwenye 140. Ukiona mtu amekuletea wastani wa bei bila kusema uzito, muulize kwanza: unga umeupa sauti gani?

Sasa tuje kwenye uwezo wa kununua, maana hapo ndipo namba inaingia tumboni. Miezi ile yote miwili nyumba yetu ilipokea 120,000. Nyingine tulitafuta wenyewe kwa leja-leja, kulima mashamba ya watu. Kwenye simu ujumbe ulikuwa ule ule: umepokea shilingi 120,000. Ukitazama ujumbe huo utasema hakuna kilichobadilika. Lakini pesa haipimwi kwa namba iliyoandikwa juu yake. Inapimwa kwa kile inacholeta nyumbani. Ili kujua, gawa kwa fahirisi:

120,000 ÷ 1.40 = karibu 85,700

Maana yake, shilingi 120,000 za mwaka 2022 zilinunua kile ambacho 85,700 zilinunua mwaka 2021. Hapa uwe makini. Bei zimepanda asilimia 40, lakini uwezo wa kununua haukushuka asilimia 40. Umeshuka karibu asilimia 28.6. Watu wengi huchanganya. Nimesikia kijana mmoja mkutanoni akisema "tumepoteza asilimia 40", na mtu anayejua hesabu akamkatiza mbele ya watu wote, na hoja yote ikafa kwa sababu ya namba moja. Kumbuka hivi: bei ikipanda mara mbili, yaani asilimia 100, hujapoteza pesa yote. Umepoteza nusu.

Je, ingetosha kiasi gani ili tubaki pale pale? 120,000 mara 1.40 ni 168,000. Na kama wangetuongezea kwa kufuata mfumuko wa nchi, asilimia 10.7, tungepata 132,840. Ukigawa kwa 1.40, hiyo ni karibu 94,900 za mwaka 2021. Yaani hata shirika lenye nia njema, likitumia namba rasmi bila kosa hata moja la hesabu, bado lingetuacha tumepoteza zaidi ya shilingi 25,000 kila mwezi. Kosa halipo kwenye hesabu. Lipo kwenye kuchagua kikapu.

Mpaka hapa wengi mtakubaliana nami. Sasa nakuja mahali ambapo najua wengine hawatakubali.

Baada ya mkutano ule nilizungumza na kaka mmoja anayefanya kazi ya kuuliza maswali ya utafiti nyumba kwa nyumba. Akaniambia: "Wewe unatumia kikapu cha zamani. Watu hawanunui tena vile. Wamebadilika. Tunapaswa kupima kile wanachonunua sasa." Ni hoja ya kweli, tena ni ya zamani sana. Mchumi wa Kijerumani Étienne Laspeyres alipendekeza mwaka 1871 tutumie kikapu cha mwanzo. Mwaka 1874 Mjerumani mwingine, Hermann Paasche, akapendekeza kikapu cha sasa. Mpaka leo kila mwanafunzi wa uchumi anafundishwa zote mbili. Na anaambiwa kwamba ya Laspeyres kwa kawaida hukuza mfumuko kidogo, kwa sababu watu wana akili: kitu kikiwa ghali wanahamia kingine.

Basi nikafanya hesabu ya Paasche pia, tusije tukasema tunaogopa. Daftari la mama linaonyesha kile tulichonunua kweli mwezi wa 10 mwaka 2022: unga kilo 20 badala ya 40, muhogo kilo 60 badala ya 20, maharagi kilo 8 badala ya 16, mafuta lita 2, sabuni miche 2, makaa gunia lile lile, simu ile ile. Kwa bei za 2022 ni 192,000. Vitu hivyo hivyo kwa bei za 2021 vingekuwa 143,000. Gawa: fahirisi ni 134. Kweli, iko chini ya 140. Kaka alikuwa na haki hapo.

Lakini tazama nini kimepotea katikati. Mtu wa utafiti akija na kuuliza "nyumba yenu inatumia shilingi ngapi kwa mwezi?", mwaka 2021 tungejibu 200,000, na 2022 tungejibu 192,000. Ataandika: matumizi yameshuka kidogo, hali ni ya kawaida. Hakuna uongo hata mmoja katika karatasi yake. Kumbe ndani ya namba hiyo mna watoto walioacha kula maharagi nusu ya mwezi.

Kuna njia ya kuiona njaa hiyo kwa hesabu, na ni rahisi. Matumizi ni bei mara kiasi. Matumizi yetu yalikwenda kutoka 200,000 mpaka 192,000, yaani 0.96. Bei zilipanda mara 1.40. Gawa 0.96 kwa 1.40, unapata karibu 0.69. Hicho ndicho kiasi cha vitu vilivyoingia nyumbani: karibu asilimia 69 ya kile kilichoingia mwaka uliotangulia. Pesa iliyotumika ilibaki karibu pale pale, lakini chakula na sabuni vilipungua kwa karibu theluthi moja. Ukimuuliza mtu pesa tu, huoni kitu. Ukiuliza pesa pamoja na fahirisi, unaona.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Hoja kwamba watu "wanahama" kutoka kitu ghali kwenda kitu rahisi ni sawa kwa mtu anayeacha nyama ya ng'ombe na kula kuku. Huyo amechagua, na hajashuka sana. Mama aliyeacha maharagi na kujaza sufuria kwa muhogo hakuchagua. Amefukuzwa. Muhogo unajaza tumbo, lakini maharagi ndiyo yaliyokuwa yanajenga mwili wa mtoto. Ukichukua kikapu chake cha sasa ukakifanya kipimo kipya, umeifanya njaa kuwa desturi. Mwaka ujao utaanza kuhesabu kutoka kwenye 192,000 kana kwamba ndiyo mahitaji yake, wakati kikapu cha kwanza, ambacho hakikuwa cha anasa hata kidogo, kinagharimu 280,000. Tofauti ya fahirisi mbili, 140 na 134, ni ndogo, na wataalamu wanaweza kubishana juu yake mpaka usiku. Shilingi 88,000 zilizopotea kimyakimya kati ya vikapu viwili si ndogo.

Sisemi kikapu kikae vile vile milele. Miaka mitano ikipita, vitu vinabadilika kweli: simu zinaingia, watoto wanakua, watu wanapata mashamba au wanayapoteza. Kikapu lazima kifanyiwe upya. Ninachosema ni kwamba kinapofanywa upya, chakula kipimwe kwa mahitaji ya mwili, sio kwa kile kilichobaki baada ya watu kukosa. Hivyo vitu viwili havifanani.

Kabla sijamaliza, onyo moja kwa wale watakaoanza kuandika bei wenyewe. Kopo litakudanganya. Hapa sokoni maharagi mengi hayauzwi kwa kilo, yanauzwa kwa kopo. Bei ya kopo inaweza kukaa 1,500 miezi na miezi, ukaandika "haijabadilika" kila mara. Lakini kopo lenyewe linabadilika. Kitako chake kinagongwa kuingia ndani, au muuzaji anaacha kulijaza mpaka kilele. Siku moja niliazima mizani nikapima. Kopo lililokuwa na gramu 480 lilikuwa sasa na gramu 400. Bei ya kilo ilikuwa imetoka 3,125 hadi 3,750, yaani imepanda asilimia 20, na hakuna mtu aliyetaja bei mpya. Sabuni nayo hivyo hivyo: mche unafupishwa, bei inabaki. Kwa hiyo pima uzito kila mara, kisha andika bei ya kilo. Usimwamini kopo hata kama unamwamini muuzaji.

Tena usiandike bei siku pesa inapoingia kwenye simu. Daftari letu linaonyesha kwamba siku hizo mbili tatu bei za dukani zinaruka, halafu zinatulia. Chagua wiki moja isiyobadilika, uliza wauzaji watatu au wanne, chukua bei ya katikati. Na ujue mipaka ya kazi yako: fahirisi niliyoonyesha hapa ni ya nyumba yetu moja. Nyumba yenye mtoto mchanga, au mzee anayenunua dawa, ina kikapu kingine. Siwezi kusimama mkutanoni niseme "Nakivale yote ni 140". Nikiwa na daftari za nyumba 30 kutoka Base Camp, Juru na Rubondo, hapo naweza kusema kitu kizito zaidi.

Turudi kwa afisa na mama. Mwezi wa 10 mwaka 2023, kikapu chetu kile kile kiligharimu 284,000. Fahirisi ni 142. Kutoka 140 hadi 142 ni mfumuko wa asilimia 1.4 tu. Afisa alikuwa sahihi: mfumuko umeshuka. Kutoka 100 hadi 142 ni asilimia 42. Mama alikuwa sahihi: bunga haikurudi ilikotoka. Kama ningekuwa na karatasi hii siku ile, ningewaambia wote wawili kwamba tofauti yao ni mahali pa kuanzia kuhesabu tu. Afisa alianzia mwaka jana, mama alianzia siku ambayo pesa ile ilipangwa. Na kwa swali la "je, pesa inatosha?", mahali pa haki pa kuanzia ni pale pa mama. Kiasi cha pesa kilipangwa kwa bei za siku fulani. Hapo ndipo 100 inapaswa kukaa.

Ninalolidai si kubwa. Kila mara kiasi cha pesa kinapotangazwa, namba tatu zitajwe pamoja: kiasi chenyewe, gharama ya kikapu cha mahitaji kwa bei za masoko yetu hapa hapa, na fahirisi ya kikapu hicho tangu kiasi kilipopangwa. Kikapu kiandikwe ukutani, kilo kwa kilo, ili kila mtu aone ndani mna nini. Na kikibadilishwa, tuambiwe kimebadilishwaje.

Najua fahirisi haileti pesa. Kama wafadhili hawana, au hawataki kutoa, 140 yangu haitawalazimisha. Lakini itatusaidia kuita kitu kwa jina lake. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mgao wa wakimbizi Uganda ulipunguzwa hadi asilimia 70, na mwezi wa 2 mwaka 2021 hadi 60. Iliuma, lakini ilitangazwa. Watu walijua, walilalamika, walijipanga. Kati ya mwezi wa 10 wa 2021 na mwezi wa 10 wa 2022, pesa ya nyumba yetu ilipunguzwa tena kwa asilimia 28.6, na hakuna aliyetangaza. Hakuna mkutano ulioitwa. Ujumbe kwenye simu ulisoma 120,000 kama kawaida. Kupunguziwa kwa namna hii hakuna wa kumuuliza, kwa sababu hakuna aliyesema amepunguza.

Mama yangu bado ana daftari lake. Nimemwomba aanze ukurasa mpya, na safari hii tumechora safu moja zaidi pembeni, ya gramu.